Krimu ya bawasiri: soma viambato kabla ya kulipa

Ukiwa duka la dawa, achana na jina lililoandikwa kwa herufi kubwa. Geuza boksi usome viambato. Hakuna kinachoondoa bawasiri yenyewe. Vyote vinatuliza dalili tu, kila kimoja kwa njia yake.

Mimi ningeanza na krimu au malhamu yenye zinki oksaidi au mafuta ya mgando kama vaselini. Inatanda juu ya ngozi na kuizuia isiguswe na unyevu wala mabaki ya choo, ambavyo mara nyingi ndivyo vinavyoleta muwasho. Haina makuu, na ndiyo sababu naipa nafasi ya kwanza.

Ya pili ni ya ganzi, kama lidokaini. Hii inafaa kama maumivu yako nje, kwenye ngozi ya mlango wa haja kubwa. Bawasiri ya ndani kwa kawaida haiumi, kwa kuwa sehemu hiyo haina neva za maumivu, kwa hiyo kidonge cha kuchomeka chenye ganzi hakina kikubwa cha kutuliza. Tena vidonge hivyo huyeyuka na kupanda juu, vikapita pale penye tatizo. Ganzi ikikuchoma au kukutoa vipele, acha. Huenda ni mzio.

Ya tatu ni ya steroidi, kwa kawaida haidrokotisoni ya asilimia 1. Inapunguza uvimbe na muwasho vizuri sana, na hapo ndipo mtego ulipo. Chukua mtu anayepaka asubuhi na usiku. Siku ya tatu hawashwi tena, lakini anaendelea kupaka “isije ikarudi”. Dawa ileile iliyozima uvimbe inazuia pia ngozi kutengeneza kolajeni, yaani nyuzi zinazoipa uimara. Ngozi ya pale ni laini, na kwa kuwa imejikunja, dawa inafyonzwa zaidi. Wiki zikipita inakuwa nyembamba, nyekundu na yenye kung'aa, na inachanika kirahisi. Akiacha, inawaka moto. Anadhani ni bawasiri, anarudia krimu. Kama kulikuwa na fangasi, steroidi imewaficha huku wakienea. Kwa hiyo mwisho ni siku 7, tabaka jembamba. Dalili zikibaki baada ya hapo, nenda kwa daktari, usinunue tyubu ya pili.

Ya mwisho kwangu ni feniliefrini, inayobana mishipa ya damu ili uvimbe upungue kwa muda. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo, kisukari, tezi ya shingo iliyozidi kufanya kazi au tezi dume iliyokua amuulize mfamasia kwanza.

Ukiona damu, hasa kwa mara ya kwanza au ikiwa nyeusi, usiinunulie krimu. Hiyo inataka kupimwa.