Shuka kuukuu, gazeti na kikapu: uzoefu wangu wa kufunga zawadi

Nimefunga zawadi kwa vitu hivi vitatu kwa muda sasa, na ninachokipenda kuliko vyote ni kitambaa. Wajapani wana kitambaa maalumu cha mraba cha kazi hii, furoshiki, lakini mimi hukata shuka kuukuu la pamba. Satini inateleza na fundo halikazi. Kitambaa kizito huacha donge juu ya boksi.

Jaribio la kwanza liliharibika kwa sababu ya kipimo. Boksi lilikuwa na urefu wa sentimita 24, upana 16 na kimo 8. Nilikata mraba wa sentimita 50, nikaona unalifunika vizuri, ila nilipovuta pembe mbili zikutane juu, hazikubaki za kufungia. Kumbe kinachopimwa ni umbali wa pembe hadi pembe. Kuzunguka boksi kwa urefu wake kunakula sentimita 64: 24 chini, 24 juu, na 8 kila upande. Mraba wa 50 una takriban 71 pembe hadi pembe, kwa hiyo kila ncha inabaki na sentimita tatu na nusu tu. Nikakata mwingine wa 70, wenye 99. Kila ncha ikapata kama 17, fundo likakaa vizuri na masikio yake mawili.

Nalaza kitambaa upande mbaya ukiwa juu, pembe moja ikinielekea, na boksi katikati. Pembe ya kwangu naifunika juu ya boksi, kisha ya mbele, na ncha yake naipindia ndani. Za kushoto na kulia ndizo nazifunga. Kulia juu ya kushoto, halafu kushoto juu ya kulia. Masikio yakilala kuelekea kushoto na kulia, fundo ni sahihi. Yakisimama kukatiza, umerudia upande uleule mara mbili, na litalegea njiani. Fungua, rudia.

Gazeti linapendeza likifungwa kwa kamba ya katani, lakini wino wake haukauki kabisa, unahamia kwenye vidole. Niliwahi kufungia shati jeupe, likatoka na michirizi ya kijivu kwenye kola, na hilo liliniuma kweli. Sasa natanguliza karatasi nyeupe ndani, na gazeti naweka tabaka mbili, maana moja huchanika kwenye kona za boksi.

Kikapu nakitumia zawadi zikiwa nyingi na za maumbo tofauti. Kosa langu lilikuwa kuzipanga moja kwa moja chini, zikazama, ikaonekana kama kikapu kitupu. Siku hizi najaza gazeti lililofinyangwa hadi nusu ya kina, nafunika kwa kipande cha shuka, kisha naegemeza virefu nyuma na vifupi mbele.

Ila kwa zawadi moja ndani ya boksi, sirudi tena kwenye karatasi ya dukani. Shuka moja kubwa limenipa miraba sita, na miwili tayari imenirudia ikiwa imebeba zawadi zangu mimi.