Miezi mitatu na kikagua tahajia: vidole kinavijua, masikio bado

Nina steshenari, nachapa barua za wateja kutwa nzima, kwa hiyo hii programu ya kukagua tahajia ya Kiswahili nimeitumia hasa, si kwa kuijaribu tu.

Kidole kikiteleza, iko vizuri. Nikiandika "asanye", papo hapo inaleta "asante", maana y na t zimepakana kwenye kibodi. Hapo sina neno.

Shida ya kwanza ni herufi zinazopishana. Kwenye barua ya kuomba msaada wa mbegu nilichapa "muva zimeharibu mazao". Ikapendekeza "muda", "mvua" ikaja chini kabisa. Nikakaa nikahesabu, nikaelewa: kufika "muda" unabadili herufi moja tu, v iwe d. Kufika "mvua" yenyewe inaona herufi mbili zimekosewa, wakati mimi nimekosea mara moja, mkono wa kulia umewahi kabla ya wa kushoto. Mtafiti wa kompyuta Fred Damerau aliliweka hili wazi tangu 1964: kupishana kwa herufi mbili jirani alikuhesabu kosa moja, sawa na herufi kuzidi, kupungua au kubadilika. Kumbe waliotengeneza hii hawakumfuata.

Ya pili ndiyo inayonikera. Mteja alileta maelezo ya mkono kuhusu pete aliyoibiwa, kaandika "zahabu" mara nne. Nilichapa kama ilivyo nione programu itasemaje. Ikaniletea "zabibu". Pete ya zabibu! Hapo hakuna kidole kilichoteleza. Mzee wa watu anaandika anavyotamka, na programu haijui kwamba z ya mdomoni mara nyingi ni dh ya kwenye kamusi.

Siku hizi natofautisha hivi. Neno likikosewa mara moja na kwingine liko sawa, ni kidole. Likikosewa vilevile kila linapotokea, ndivyo mwandishi anavyolijua. Halafu naangalia kibodi: anayeandika "mahari pa kazi" hajateleza, maana l iko kulia kabisa na r iko kushoto. Ni ulimi huo. Na "mahari" haipigiwi hata mstari mwekundu, kwa sababu ni neno halali, ila sasa umeshaingiza mambo ya posa kwenye barua ya ajira. Ila s na z zimepakana na sauti zake zinakaribiana, kwa hiyo "samani" badala ya "zamani" huwa siwezi kuamua bila kusoma barua yote.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Ya nne nitaiongeza siku "muva" itakapoleta "mvua" juu. Barua zenye "dua" nazisoma mwenyewe kwa macho, tangu nilipomchapia mama mmoja "naomba dau zenu" na programu ikanyamaza.