Kununua vipande vya mfuko: ipi faida ya kweli kati ya 18%, 15% na 13%?

Mtu anayetaka vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja kwa kawaida hutazama safu moja tu: faida ya mwaka. Hapo mfuko uliopanda kwa vishindo hushinda, hata kama kilichouinua ni hatari kubwa na si ustadi wa meneja. Mwaka 1997 Franco Modigliani, mshindi wa Nobeli ya uchumi ya 1985, pamoja na mjukuu wake Leah, walitoa kipimo kinachosahihisha jambo hilo. Kinaitwa M2. Kinauliza hivi: kama kila mfuko ungekuwa unayumba sawasawa na faharisi ya soko la hisa, ungetoa asilimia ngapi?

Tuseme una mifuko mitatu mezani. Majina na tarakimu nimezitunga kwa ajili ya hesabu. Dhamana za serikali za muda mfupi zinalipa 8%. Faharisi ya soko imetoa wastani wa 14% kwa mwaka, na kuyumba kwake, yaani mkengeuko sanifu, ni 20%. Mfuko Kasi umetoa 18% kwa kuyumba kwa 32%. Mfuko Vigogo umetoa 15%, kuyumba 25%. Mfuko Mseto, wenye hisa na hati fungani, umetoa 13%, kuyumba 12%.

Toa 8 kwenye faida ya mfuko, zidisha kwa kuyumba kwa soko, gawa kwa kuyumba kwa mfuko, kisha rudisha ile 8. Kwa Mseto, kwenye jedwali la kompyuta unaandika:

```
=8+(13-8)*20/12
```

Jibu ni 16.3%. Kasi inapata 14.25% na Vigogo 13.6%. Kwa hiyo Mseto, uliokuwa mkiani, ni wa kwanza. Kasi ni wa pili, na imeipita faharisi kwa robo tu ya asilimia. Vigogo ni wa mwisho: faida yake ya 15% ilionekana kulishinda soko, lakini kwa hatari aliyoibeba mnunuzi, soko lenyewe lingemlipa zaidi.

Ile 14.25% ya Kasi unaweza kuipata kwa mkono wako. Weka 62.5% ya fedha ndani ya Kasi na 37.5% kwenye dhamana za serikali. Kuyumba kwako kutashuka hadi 20% na faida itakuwa 14.25%. Mseto ni habari nyingine. Kuupandisha hadi 20% ya kuyumba, kwa kila shilingi 100 zako ungekopa 67 uongeze vipande, na kipimo kinadhani unakopeshwa kwa 8%. Ukikopa kwa 15%, hesabu inaanguka hadi karibu 11.7%. Kwa hiyo usiisome 16.3% kama pesa inayokungoja. Isome kama nafasi ya mfuko kwenye msururu.

Hata hivyo nafasi hiyo ni ya kweli kwa anayetaka utulivu bila mkopo. Ili Kasi iyumbe 12% kama Mseto, ungeweka humo 37.5% tu na zinazobaki kwenye dhamana, nawe ungepata 11.75%. Mseto unakupa 13%. Mimi ningenunua Mseto.

Kabla ya kununua, chunguza ile 12%. Hapa ndipo wengi hudanganyika, hasa kwenye masoko madogo kama yetu, ambako hisa inaweza kukaa siku nyingi bila kuuzwa na bei yake ikabaki ileile. Mfuko uliojaa hisa za namna hiyo, au hati fungani zisizopangiwa bei upya kufuata soko, huonekana mtulivu kwa sababu tu haupimwi mara kwa mara. Omba thamani ya kipande ya kila mwisho wa mwezi kwa miaka mitatu angalau, utafute faida ya kila mwezi, kisha uzidishe mkengeuko wake sanifu kwa kipeuo cha pili cha 12. Miezi ikifuatana kwa faida zinazokaribiana mno, M2 yake imevimba. Kwa sababu hiyohiyo, mifuko ya soko la fedha iache nje kabisa: mfuko wenye faida ya 11% na kuyumba kwa 1% ungepata M2 ya 68%, namba isiyo na maana yoyote.

Uache nje pia mfuko uliotoa chini ya dhamana za serikali. Hapo kipimo hugeuka kichwa chini miguu juu: ukiwa na mifuko miwili yenye pengo sawa, ule unaoyumba zaidi ndio unaopata namba nzuri zaidi.

Kisha ulizia ada ya kuingia na ya kutoka. Ada ya usimamizi kwa kawaida imeshakatwa kwenye thamani ya kipande, lakini hizi mbili huenda hazimo. Faida ya Mseto ikipungua asilimia moja kwa mwaka kwa sababu ya ada hizo, M2 inashuka hadi 14.7%, na ushindi wake juu ya Kasi unabaki mwembamba.