Mara nne au mara mbili kwa siku?

Mgonjwa wa Arua anatakiwa kupata miligramu 800 kwa siku. Ameze 200 kila saa 6, au 400 kila saa 12? Tuchukue mfano wa dawa inayopungua nusu kila saa 6, ikienea katika lita 40 za mwili, nayo inaingia kwenye damu upesi. Mlinganyo ni huu:

`dC/dt = r/V − kC`

Hapa C ni miligramu za dawa katika kila lita, t ni muda kwa saa, r ni miligramu zinazoingia kwa saa, V ni zile lita 40, na k ni kasi ya dawa kupungua: 0.693 ÷ 6, yaani 0.1155 kwa saa. Kwa kuwa r ni ileile, wastani ukishatulia, baada ya siku moja hivi, ni uleule: takriban miligramu 7.2 kwa lita. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mgonjwa haishi kwenye wastani.

Akimeza kila saa 6, kiwango cha dawa kwenye damu hupanda hadi 10 na kushuka hadi 5. Kila saa 12 hupanda hadi 13.3, kisha hushuka hadi 3.3 kabla ya kidonge kinachofuata. Kama dawa inafanya kazi kati ya 4 na 12, ratiba ya pili inavuka mipaka yote miwili: kichefuchefu baada ya kumeza, ugonjwa kurudi alfajiri.

Ningechagua saa 6, ijapokuwa kuamka usiku ni mzigo. Akiruka dozi moja, atashuka hadi 2.5, kwenye ratiba ya pili angefika 0.8.