Ofisi ya tafsiri Mbeya iliyonigeuzia aya ya kwanza ya barua yangu ya Kijerumani

Nilipeleka barua ya maombi kwenye ofisi moja ya tafsiri hapa Mbeya mjini, nikiomba nafasi ya uanagenzi wa ufundi wa magari makubwa nchini Ujerumani. Ukurasa wa kwanza ulikuwa safi, umepigwa muhuri, na vyeti vyangu walivitafsiri vizuri, hilo sikatai. Kilichoniudhi ni aya ya kwanza, ambayo ndiyo mwajiri huisoma kabla ya kuamua kama ataendelea.

Niliandika kwamba tangu nihitimu chuo natengeneza breki za upepo za malori ya njia ya Tunduma, na kwamba naomba uanagenzi. Wao waliandika „Praktikum“. Kwa Mjerumani hayo ni mazoezi ya muda mfupi, kama yale tunayoyaita fildi, na mara nyingi hayana malipo. Uanagenzi ni „Ausbildung“: una mkataba, una posho ya kila mwezi, na kwa fundi magari huchukua miaka mitatu na nusu. Gereji niliyoiandikia ilijibu kwa upole kwamba fildi huwapa wanafunzi wa shule za jirani tu. Ombi langu halisi hawakuliona kabisa.

Binamu yangu anayesoma Kijerumani alipoipitia, alikuta breki za upepo zimeandikwa „Windbremse“, yaani upepo huu unaovuma Uyole, ilhali fundi wa kule husema „Druckluftbremse“, breki za hewa iliyoshindiliwa. Alinionyesha pia kwamba wameweka kitenzi katika wakati uliopita, hivyo nikaonekana nimeshaacha kazi. Aliiandika upya hivi:

„Sehr geehrte Damen und Herren,
seit meinem Abschluss repariere ich in einer Werkstatt in Mbeya Druckluftbremsen an Lastwagen. Nun möchte ich bei Ihnen eine Ausbildung zum Kfz-Mechatroniker mit Schwerpunkt Nutzfahrzeugtechnik machen.“

Baada ya salamu kuna mkato, kwa hiyo sentensi inayofuata huanza na herufi ndogo. Ya ofisi ilianza na herufi kubwa, kosa ambalo mwajiri huliona papo hapo.

Nilirudi kwa heshima, nikamwamkia mama wa mapokezi, nikaomba warekebishe aya hiyo moja. Mtafsiri mwenyewe alitoka ndani akanijibu mbele ya wateja: „Kijana, kama unajua Kijerumani kuliko mimi, ulikuja kufuata nini? Marekebisho yanalipiwa upya.“ Hata karatasi hakuishika.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema vyeti mpeleke pale, barua mtafute kwingine. Sasa naona hapana. Mtu anayekataa kutazama kosa lake katika sentensi mbili, nitajuaje kama alama za kwenye cheti changu alizihakiki? Vyeti navyo nimempa binamu avipitie mstari kwa mstari, na barua mpya nimekwisha kuituma kwa gereji nyingine.