Barua ya kumsimamisha kazi: "umeiba" au "tuhuma za upungufu"?

Keshia wa duka la jumla Kariakoo, droo imepungua Sh 640,000. Barua ya kwanza inasema: "Unasimamishwa kwa kuiba." Hapo mwajiri ameshahukumu kabla ya kikao cha nidhamu, na karatasi hiyohiyo ndiyo itakayosomwa mgogoro wa kazi ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Ya pili: "Unasimamishwa kwa mshahara kamili, tarehe 3 hadi 14 Machi, kupisha uchunguzi wa tuhuma za upungufu wa Sh 640,000." Hii inakwenda na kanuni ya 27, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, inayoruhusu kumsimamisha mfanyakazi kwa mshahara kamili tuhuma zikichunguzwa. Iongezee funguo akabidhi kwa nani. Uchunguzi ukichelewa, mwandikieni barua ya kuongeza muda, mshahara ukiendelea kuingia.