Sosi ya Mishkaki ya Chupa: Wameandika "Usiku Kucha", Tazama Nyama Ilivyotoka

Jamani habari zenu, karibuni tena jikoni kwangu hapa Mtwara. Wale mlionitumia picha za hii chupa mkasema "dada ichambue", haya, leo ndiyo siku yake. Jina nimelifunika na karatasi, kwa sababu haya ninayokwenda kusema yanahusu chupa nyingi zilizopo madukani na sitaki ionekane ni hii peke yake. Rangi yake mnaiona, kizibo mnakijua, hayo sitayagusa. Ninachotaka ni huku nyuma, kwenye haya maandishi madogo. Ngoja nisogeze kamera.

Viambato: maji, siki, ukwaju, sukari, chumvi, kitunguu saumu, pilipili. Huwa vinaandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo. Maana yake baada ya maji, kitu kikubwa humu ndani ni siki, na ukwaju nao ni uchachu juu ya uchachu. Sasa shuka kwenye maelekezo: "Loweka nyama usiku kucha au hadi saa 24, ladha ipenye hadi ndani." Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, na video nzima ya leo ni juu ya hiyo sentensi moja.

Jana jioni nilichukua sarara kilo moja pale bucha la mtaani, nikaikata vipande vya mishkaki, kila upande kama sentimita 3. Nusu kilo nikaiweka kwenye bakuli la kioo, nikaimwagia sosi mpaka ikafunikwa, na binzari kidogo ili leo tuone kwa macho imefika wapi. Nusu nyingine ikapata chumvi tu. Zote friji. Na tafadhali, ukiloweka kitu chenye siki, ndimu au ukwaju usitumie sufuria ya alumini. Uchachu unakula ile alumini na nyama inashika ladha ya chuma. Tumia kioo, plastiki ya chakula au stenlesi.

Mdogo wangu, nipe lile la sosi kwanza.

Tazameni. Hiki ni kipande cha nyama ya ng'ombe, jana kilikuwa chekundu. Leo nje kimekuwa kijivu kinachoelekea kweupe. Nakibonyeza na kidole gumba, mnaona? Kidole kinaingia na shimo halirudi. Sasa napitisha mgongo wa kisu, taratibu, bila nguvu. Hiki kinachobaki kwenye kisu ni nyama yenyewe, imekuwa teketeke, nyuzi zimeachana. Hiki hakijapikwa! Hakijaona moto kabisa.

Sasa nakikata katikati. Sogea karibu na kamera hapo. Njano ya binzari iko wapi? Iko pembeni tu, mstari mwembamba wa milimita chache. Katikati nyama ni nyekundu vilevile kama ilivyotoka bucha. Usiku mzima! Ile "ladha ipenye hadi ndani" haipo. Kitunguu saumu, pilipili, binzari, karibu vyote vinabaki juu juu, kwa sababu chembe zake ni kubwa au zinapenda mafuta kuliko maji, na nyama sehemu kubwa ni maji. Asidi nayo inaingia polepole mno, na kila inapogusa inafanya kazi yake hapohapo kabla ya kwenda mbele.

Kazi gani? Ninyi watu wa pwani mmeiona mara nyingi. Ukikamulia ndimu kolekole mbichi ukamwacha kidogo, nyama yake inageuka nyeupe kama imepikwa. Asidi imezifungua protini zilizokuwa zimejikunja, zikafunguka na kushikana upya. Kwenye nyama ya ng'ombe ni hivyohivyo, ila polepole zaidi. Dakika za mwanzo si mbaya, uso unalainika na ladha inakaa. Ukiiacha usiku kucha, asidi inaendelea kulegeza hata zile tando zinazoshikilia nyuzi pamoja, na uso unavurugika kama mlivyoona kwenye kisu.

Kuna jambo lingine baya zaidi, na hili halisemwi. Kuna kipimo cha uchachu kinaitwa pH, namba ikishuka uchachu umezidi. Nyama ya kawaida ya bucha ina pH ya kama 5.5. Ukiivuta ishuke mpaka karibu na 5, hapo ndipo protini zake zinashika maji kidogo kuliko wakati wowote. Kwa hiyo nje kabisa, penye asidi nyingi, nyama imevimba na kulegea, lakini chini yake kidogo, pale asidi ilipofika kwa uchache, nyama inayaachia maji yake. Ndiyo maana unauma mshikaki wa namna hii unakuta nje rojo, ndani mkavu, na mdomoni unabaki kama unga. Watu wanadhani mchinjaji kawauzia ng'ombe mzee. Bucha anaonewa bure.

Kabla sijawasha mkaa, tangazo dogo: kuanzia wiki hii video zinatoka Jumapili saa 2 usiku, Alhamisi basi. Na ile maiki mpya imefika, kwa hiyo tukirekodi ufukweni Shangani upepo hautatusumbua tena. Asanteni mliovumilia.

Haya, bakuli la chumvi. Hii ndiyo ninayoipenda.

Nimetia gramu 7 kwenye nusu kilo. Kijiko cha chai cha chumvi laini kilichosawazishwa ni kama gramu 6, kwa hiyo ni kijiko kimoja na kipande kidogo. Angalia rangi: nyekundu iliyokoza, uso umekauka, unang'aa kidogo. Nabonyeza, inarudi. Kisu kinapita hakibebi kitu.

Chumvi ni ndogo sana. Ikiyeyuka inaingia kwenye maji ya nyama na kusafiri hadi ndani, na kwenye kipande cha sentimita 3 ina safari ya sentimita moja na nusu tu kutoka kila upande. Kwa usiku mmoja inafika. Ikifika inalegeza zile protini za kwenye nyuzi kwa namna nyingine kabisa, zinavimba na kukamata maji, na zikikutana na moto zinayaachia kidogo. Kwa hiyo chumvi inaleta ladha ndani na pia inatunza maji.

Ila ina wakati wake mbaya. Ukitia chumvi, dakika za mwanzo inayavuta maji nje, unaona nyama inalia, bakuli lina majimaji. Wengi wanaiweka jikoni wakati huo, dakika 15 au 20 baadaye, uso umelowa, unatoa mvuke badala ya kubabuka. Ama upake chumvi na kuchoma papo hapo, ama usubiri kuanzia dakika 40 yale maji yarudi ndani na chumvi yake. Katikati hapo usichome.

Mkaa umeshika. Nimepima kila upande gramu 300 za nyama mbichi, moto mmoja, nyavu moja. Sikilizeni kwanza. Huu wa chumvi unalia "chwaa", unashika rangi. Huu wa sosi unatoa mvuke, ngozi yake inabaki kwenye nyavu, ona hapa imenata. Uso wenye majimaji hauwezi kubabuka mpaka maji yaishe, na uchachu wenyewe unachelewesha ile rangi ya kahawia.

Mizani. Wa sosi, gramu 185. Wa chumvi, gramu 215. Tumeanza sawa, tofauti ni gramu 30 za maji zilizokwenda kwenye mkaa. Mdogo wangu, onja wa sosi. "Dada, juu mtamu, ila ndani chumvi haitoshi." Nimeishaonja na mimi, ni kweli kabisa.

Na niwe mkweli kwa upande wa pili: ladha ya hii sosi ni nzuri! Ukwaju wake wa kweli, pilipili haizidi, sukari ipo kwa kiasi. Nilianza nikiwa na hasira na chupa nzima, lakini kosa liko kwenye maelekezo. Kwa hiyo itumie hivi. Jioni, nusu kilo ya nyama, chumvi gramu 5 tu kwa sababu sosi nayo ina chumvi, friji mpaka kesho. Nusu saa kabla ya kuchoma ndipo uimwagie sosi. Hata saa moja au mbili kwa ng'ombe haina neno. Kidari cha kuku nusu saa inatosha. Samaki dakika 15, akizidi anaanza kubadilika rangi na kumeguka kwenye nyavu. Toa, futa majimaji, choma. Sosi nyingine safi, ambayo haijagusa nyama mbichi, paka kwa brashi dakika za mwisho, maana ina sukari na ikiwahi inaungua. Ile iliyogusa nyama mbichi ama uichemshe vizuri ama uimwage.

Huna friji? Tia chumvi saa moja kabla ya kuchoma, nyama ikiwa imefunikwa mahali pa baridi, basi. Joto la huku kwetu na Lindi usilichezee kwa kuacha nyama mezani tangu asubuhi. Siki kuwemo hakumaanishi nyama haiharibiki, huko ndani haijafika, mmeona wenyewe.

Bei. Hapa mjini nimeinunua 6,500. Fundo la ukwaju, kitunguu saumu, pilipili na sukari kijiko, hujafika hata 2,000, na unaongoza uchachu mwenyewe. Kama una haraka nunua, ladha inalipa. Kama una dakika kumi za kusaga, usinunue.

Wapinzani wake ni zile pakiti za unga wa kulainisha nyama. Hizo mara nyingi zina kimeng'enya cha papai, hazina haja ya uchachu, zinakata protini zenyewe, na zikizidi uso unakuwa uji haraka kuliko siki. Tena zinazidi kufanya kazi nyama inapoanza kupata moto. Mama mmoja ameandika kwenye maoni kwamba yeye hutumia papai bichi la kusaga na nyama yake haijawahi kuharibika. Shikamoo mama, nataka kujua unaweka kiasi gani kwa kilo na unaiacha muda gani, niandikie, kwa sababu Jumapili ijayo nalipima papai bichi kwenye mizani hii hii, nyama ya mbuzi safari hiyo. Bonyeza kengele usipitwe. Mdogo wangu, geuza huo wa kushoto, unaungua.